Milango Mitano ya Kuomba Radhi

Kinuyo Tarumi alikuwa mpiga pasi. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amesimama mbele ya meza ileile katika duka la dobi mjini Amagasaki, Japani, akinyoosha mashati ya watu wanaokwenda ofisini, na mkono wake wa kulia ulikuwa umejua joto la kila aina: la kunyoosha, la kuunguza, na lile la katikati linalodanganya. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mteja akisema kola imekunjamana, yeye huinama na kusema, "Kosa ni langu," hata kama kola ilikunjwa na mteja mwenyewe ndani ya begi. Alilelewa hivyo. Kuomba radhi kwake kulikuwa kama kuvua viatu mlangoni.

Tabia hiyo nzuri ndiyo iliyotaka kumtia shimoni.

Alikuwa amepanga chumba namba tatu katika jumba la zamani la mbao lenye vyumba sita, vitatu chini na vitatu juu. Chumba kilikuwa na mikeka sita ya majani, kabati la mbao aliloachiwa na mama yake likiwa na kimono nne ndani, na soketi moja tu ukutani. Mwenye nyumba, Bwana Okazoe, aliishi chumba cha kwanza, akajipa kazi ya kusikiliza nani anaingia na nani anatoka. Nyuma ya ukuta wa Kinuyo palikuwa na ukumbi mwembamba wenye mashine ya kufulia na mashine ya kukaushia nguo, za kutumiwa na wapangaji wote kwa kutia sarafu.

Siku ya moto ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa kwanza, saa nne asubuhi. Alhamisi duka la dobi hufungwa. Kinuyo alikuwa amepika wali kwenye jungu la umeme, na miguu yake ilikuwa chini ya meza ya joto, ile yenye hita upande wa chini na blanketi juu. Vyote viwili vilichomekwa kwenye ekstensheni, na ekstensheni kwenye soketi ile moja.

Akasikia harufu. Si ya wali. Ilikuwa harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya kifungo cha plastiki.

Alipogeuka, bamba la soketi lilikuwa limejikunja kama jani kavu, na nyuma yake palikuwa na mwanga wa rangi ya chungwa. Kabla hajanyanyuka, pazia lilikuwa limeshika moto.

Kinuyo hakupiga kelele. Alikimbilia mlangoni, akashusha breka, swichi ya kukata umeme wa chumba chake iliyo juu ya mlango, kwa sababu mtu aliyefanya kazi na pasi za mvuke haendi kwenye moto wa umeme na ndoo ya maji. Akachukua mtungi mwekundu wa kuzimia moto ukumbini, akang'oa pini, akapulizia chini ya mwali na si juu yake. Unga ukajaa chumba kizima. Moto ukafa. Ukuta ulibaki na doa jeusi kubwa kama mlango wa pango, mkeka mmoja ulikuwa umeungua, kabati la mama lilikuwa limebabuka ubavu mzima, na kimono zilinuka moshi.

Akapiga simu 119, namba ya zimamoto, akiwa amesimama nje, pekupeku.

"Ni moto au ni mgonjwa?" sauti ikauliza.

"Moto. Lakini nimeuzima. Samahani sana kwa kuwasumbua."

"Mama, toka nje, usirudi ndani. Moto wa ukutani huweza kuwa haujafa. Tunakuja."

Bwana Okazoe alitoka na kandambili zake akakuta Kinuyo amekwisha kupiga simu. Uso ukamshuka.

"Umeshauzima, sasa unaita zimamoto wa nini?"

"Si ndiyo sheria, Bwana Okazoe? Hata ukiuzima mwenyewe unatoa taarifa."

"Sheria! Utaniletea ving'ora mtaa mzima kwa sababu ya pazia! Watu wataniona mimi nina nyumba ya namna gani?"

Ving'ora vilikuja kweli, magari manne. Vijana wa zimamoto waliingia na kamera ya kupimia joto, wakatoboa ukuta kidogo, wakaridhika. Nyuma yao akaja mwanamke wa makamo mwenye koti la buluu, Afisa Minegishi, mchunguzi. Yeye hakuwa na haraka. Alipiga picha kila kitu kutoka mbali, halafu kutoka karibu, halafu karibu zaidi. Akaiandika breka kuwa ilikutwa imeshushwa, akamwuliza Kinuyo ni nani aliyeishusha. Akaitoa soketi iliyoyeyuka na ekstensheni, akazitia kwenye mifuko kila moja peke yake, Bwana Okazoe akitia sahihi ya kuruhusu.

"Breka hii isiwashwe mpaka fundi mwenye leseni aikague," Minegishi akasema. "Na wewe Bi Tarumi, Jumanne njoo kituoni tuandike maelezo yako."

"Ndiyo. Samahani sana. Yote ni makosa yangu."

Afisa akafunga daftari lake, akaondoka.

Hata gari la mwisho halijakata kona, Bwana Okazoe akamwambia, "Nenda ukaombe radhi. Nyumba tatu za mbele na mbili za ubavuni. Leo hii, kabla jua halijazama. Usiniaibishe."

Hakuhitaji kuambiwa. Kule kwao moto ukitokea kwako, hata ukiunguza kitambaa tu, unazunguka milango mitano na zawadi mkononi. Kinuyo alinunua maboksi ya keki ya mayai, akapita mlango hadi mlango na nywele zake bado zina unga mweupe. Kila mlango aliinama mpaka mgongo ukalia. "Moto umetoka kwangu. Nimewatia hofu. Nisameheni." Wengi walimwambia pole, wakapokea boksi.

Akaongeza mlango wa sita, wa Bi Useki wa chumba cha juu yake, mjane mwenye ulimi kama wembe.

"Wewe hujafa, mimi sijafa, radhi ya nini?" Bi Useki akasema. "Ila mashuka yangu! Nimeyatia kwenye mashine ya kukaushia asubuhi, katikati ya ule moto wako mashine ikazima puu. Mpaka sasa yamo humo mabichi, yananuka kama samaki."

"Nisamehe, Bi Useki. Nisamehe na kwa mashuka."

Aliomba radhi hata kwa mashuka. Wala hakujiuliza yeye na mashine ile wanahusianaje.

Kesho yake Bwana Okazoe alikuja na karatasi iliyochapwa. Sauti yake ilikuwa imelainika kama siagi juani. "Hii ni karatasi ya heshima tu, Bi Tarumi. Watu wa bima wakiona mpangaji amejutia, mambo yanakwenda upesi. Weka muhuri wako hapa."

Kinuyo alikuwa amelala kwa dada yake usiku ule, macho mekundu, aibu imemjaa. Akatoa muhuri wake mdogo, ule wa kugonga badala ya sahihi, akaugusisha kwenye wino mwekundu, akagonga. Hakusoma zaidi ya mstari wa kwanza, kwa sababu mstari wa kwanza ulisema anaomba radhi, na hilo alikubaliana nalo.

Jumatatu akaja mkadiriaji wa bima, Bwana Torigoe, kijana mpole mwenye soksi zilizotoboka kidole. Bima hiyo Kinuyo alikuwa akilipia tangu siku aliyohamia. Ingemlipia vitu vyake vikiungua, na ingemlipa mwenye nyumba endapo mpangaji ameharibu chumba. Torigoe alipima doa la ukutani, akapiga picha kabati na kimono moja moja, halafu akapiga magoti na kufungua faili.

"Bi Tarumi, lazima niseme ukweli. Kuna hii karatasi yako. Ikiwa hivi ilivyo, kampuni inaweza kuita jambo hili uzembe mkubwa. Uzembe wa kawaida tunalipa, kila mtu husahau. Lakini uzembe mkubwa tunaweza kukataa. Vitu vyako hatulipi, na ukuta wa mwenye nyumba unakuangukia wewe."

"Karatasi yangu inasemaje?"

Kijana akasoma polepole. "'Mimi, Kinuyo Tarumi, nilichomeka vifaa kupita kiasi kwenye soketi moja, nyaya zikiwa kama mikono ya pweza. Mwenye nyumba alinionya mara tatu. Sikusikia. Nitaondoka chumbani mwisho wa mwezi wa pili.'"

Kinuyo akaikodolea macho karatasi ile. Torigoe alidhani anataka kulia, akaanza kutafuta leso mfukoni.

"Alinionya nani?" Kinuyo akauliza.

"Mwenye nyumba. Imeandikwa."

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekwenda kwake. Mwaka juzi nilimwambia bamba la soketi linapata moto. Mwaka jana nikamwambia tena. Akaniambia, 'Nunua ekstensheni nzuri.' Nikanunua! Nikanunua yenye swichi!" Sauti yake, ambayo kwa miaka hamsini na minane haikuwahi kuvuka ukuta, ilivuka ukuta. "Nimeinama milango sita na mgongo huu! Na mara ya pili nilipomwambia, hakukuwa na kitu kimechomekwa. Hata taa! Nilikuwa natoka kazini, nikaligusa hivi, kwa kidole chenye mate kama tunavyogusa pasi. Likalia tss!"

Torigoe aliacha kutafuta leso. "Hakukuwa na kitu kimechomekwa?"

"Hakuna."

"Sasa joto lilitoka wapi?"

Usiku ule kwa dada yake, akiwa amelala chali na hasira imemkalia kifuani kama paka, aliyakumbuka mashuka ya Bi Useki. Mashine ilizima katikati ya moto. Katikati ya moto yeye alifanya nini? Alishusha breka. Breka yake. Ya chumba chake.

Asubuhi kabla ya kwenda kituoni alipitia ukumbini. Taa ya ukumbi iliwaka. Mashine ya kufulia ilizunguka, nguo za mtu zikipiga ngoma. Mashine ya kukaushia ilikuwa kimya, na juu yake Bwana Okazoe amebandika karatasi: IMEHARIBIKA.

Bi Useki alikuwa akishuka ngazi na kapu lake. "Unaitazama nini maiti hiyo? Imekufa tangu Alhamisi."

"Haijafa," Kinuyo akasema. "Ilikuwa inanyonya kwangu."

Bi Useki aliweka kapu chini. Alitazama ukuta wa ukumbi, akatazama mlango wa chumba namba tatu, akahesabu hatua kwa macho. "Ah! Yule mzee! Aliifunga mwenyewe, mwaka wa nne sasa. Nilimwona na bisibisi, nikamwambia ita fundi, akasema fundi anakula pesa ya bure. Kwa hiyo kila nilipokausha mashuka yangu, umeme ulikuwa wako?"

"Na sarafu zilikuwa zake."

"Na wewe ukaniomba mimi radhi kwa mashuka!" Bi Useki akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka ghafla. "Twende. Nakuja na wewe huko kituoni."

"Bado. Nitakwenda peke yangu. Nikikuita, uje."

Kituoni Afisa Minegishi alimkaribisha chai, akafungua karatasi za maelezo. Kinuyo alikaa kwenye ncha ya kiti. Mazoea ni mazoea. Kabla hajajua, kichwa kimeshainama na mdomo umeshasema, "Afisa, kwanza naomba radhi kwa yote niliyo—"

"Bi Tarumi." Minegishi aliweka kalamu chini. "Hapa siandiki nani aombe radhi. Naandika kitu gani kiliwaka. Siku ile ulinieleza mara nane kwamba ni kosa lako. Hukunieleza hata mara moja ni nini kilikuwa kimechomekwa."

Kinuyo akanyoosha mgongo. Akaeleza. Jungu la wali, moto wa mapishi umeisha, linapasha tu. Meza ya joto, kwa nguvu ya chini. Bamba lililokuwa likipata moto bila kitu. Maneno ya Bwana Okazoe. Breka, mashuka, mashine iliyokufa, bisibisi. Alieleza kama anavyopiga pasi shati, kola kwanza, halafu mabega, halafu mikono, bila kurudia mahali alipokwishapita.

Minegishi akamwonyesha picha. "Hii ni nyuma ya soketi yako. Chumba chenye soketi moja, nategemea nyaya mbili: unaoleta na unaorudisha. Nimekuta nne. Tangu Alhamisi najiuliza hizi mbili zinakwenda kwa nani." Akachora kwenye kipande cha karatasi. "Soketi hubeba ampea kumi na tano. Vitu vyako vyote viwili, hata vikiwa na nguvu kamili, ni kama saba. Mashine ya namna ile ni kama kumi na mbili. Jumlisha."

"Kumi na tisa."

"Na breka yako hukata ikipita ishirini. Kwa hiyo haikukata. Soketi imezidiwa, breka imeridhika, na skrubu ya nyuma ikiwa imelegea, joto linakaa hapohapo miaka."

"Kwa hiyo cheti cha moto mtakachonipa kwa ajili ya bima kitasema kosa ni la Bwana Okazoe?"

"Hapana. Cheti husema moto ulikuwa lini, wapi, na umeharibu nini. Hakisemi kosa la nani. Sababu hubaki kwenye faili letu. Lakini keshokutwa tutafungua ukuta pamoja na fundi mwenye leseni. Mtu wa bima akitaka kutazama, macho ni yake."

Akamsomea maelezo yote kwa sauti, akamwuliza kama kuna cha kurekebisha. Safari hii Kinuyo alisikiliza kila neno mpaka nukta. "Pale umeandika 'soketi ilikuwa moto.' Andika nilimwambia mwenye nyumba mara mbili." Likaandikwa. Ndipo akaweka sahihi.

Usiku ule aliandika na taarifa yake ya bima kwa mkono wake mwenyewe. Dada yake alitaka kuipamba, akakataliwa. Ilisema hivi:

"Moto ulianza saa nne na dakika kumi asubuhi, kwenye soketi pekee ya chumba namba tatu. Vilivyochomekwa: jungu la wali, meza ya joto. Nilishusha breka, nikazima kwa mtungi, nikapiga 119. Vilivyoharibika vimeorodheshwa nyuma na picha zake. Karatasi niliyogonga muhuri siku iliyofuata niliandikiwa na Bwana Okazoe. Sikuisoma. Hilo la kutosoma ndilo kosa langu. Sikuonywa na mtu. Mimi ndiye niliyeonya. Shahidi wa mashine ni Bi Useki wa juu. Naomba ukuta ufunguliwe mbele yenu."

Alhamisi ukuta ukafunguliwa. Torigoe alikuja na soksi mpya. Bwana Okazoe alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Nyumba ya zamani hii," alikuwa akisema. "Nyaya zina njia zake. Nani ajue? Huyu mama alikuwa na pweza mzima hapo chini."

Fundi aliondoa ubao mmoja, akavuta waya kwa kidole. Ubao wa pili, waya ukaendelea. Ubao wa tatu, waya ukapenya tundu lililotobolewa kwa bisibisi na kuzungushiwa utepe wa kufungia maboksi, ukatokea upande wa pili, nyuma ya mashine ya kukaushia.

"Nani alifanya kazi hii?" fundi akauliza. "Huu si utepe wa umeme."

Kutoka juu ya ngazi, Bi Useki akasema, "Mwulizeni mwenye bisibisi."

"Wewe mama, kaa kimya!" Okazoe akafoka. "Na wewe Bi Tarumi, si uliomba radhi? Si ulizunguka mtaa mzima? Mtu asiye na kosa haombi radhi!"

Kinuyo alikuwa amezoea kuinamisha kichwa sauti ya mwanamume ikipanda. Shingo ilitaka kwenda. Akaizuia.

"Bwana Okazoe, miaka minne nimekukaushia nguo za jumba zima. Chumba changu kimeungua kwa waya wako. Halafu ukaniletea karatasi nijichome mwenyewe, na ukaiita ya heshima. Niliomba radhi kwa sababu nimelelewa. Wewe umelelewa na nani?"

Torigoe alipiga picha ile ya utepe mara tatu, ya tatu akiwa amelala kifudifudi. Minegishi akaandika. Fundi akakata nyaya mbili zisizo na kazi, akaziziba.

Baada ya wiki tatu barua ya bima ikaja. Vitu vyake vingelipwa: mkeka, pazia, ubavu wa kabati, kusafisha kimono nne. Kuhusu ukuta, kampuni iliandika kwamba haikuona deni lolote la mpangaji, na kwamba Bwana Okazoe azungumze na bima yake mwenyewe. Habari ya kuhama mwisho wa mwezi wa pili haikutajwa tena na mtu. Kinuyo alirudi chumba namba tatu, penye soketi mpya na ukuta unaonuka rangi.

Lakini alikuwa na kazi moja iliyobaki. Jumapili alivaa koti lake zuri, akatoka mikono mitupu, akapita milango ileile mitano na ule wa sita. Jambo hilo mtaa ule haukuwahi kuliona. Mzee wa nyumba ya mbele alifungua mlango, akatafuta boksi kwa macho, asione kitu.

"Nimekuja kuchukua radhi yangu," Kinuyo akasema. "Niliitoa kwa makosa. Moto ulikuwa wa waya wa Bwana Okazoe."

Mzee akakuna kichwa. "Lo! Na keki tulishakula, Bi Tarumi. Tutairudishaje?"

"Keki ni zenu. Mimi nataka neno langu tu."

"Basi lichukue," mzee akasema, na safari hii akainama yeye.

Jioni ile Bwana Okazoe aligonga mlango wa chumba namba tatu. Alikuwa na boksi la keki ya mayai, karatasi ya duka lilelile. Akalisukuma mbele kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya chini kwamba, ikiwa kulikuwa na usumbufu wowote, basi, na neno radhi lenyewe halikutoka.

Kinuyo hakulipokea.

"Usianze na mimi," akamwambia. "Kuna milango mitano huko nje. Na wa Bi Useki, uanze na huo. Mashuka yake yalioza."

Akafunga mlango taratibu, kwa adabu, akachomeka jungu la wali. Akalowesha kidole kwa mate, akaligusa bamba jipya.

Lilikuwa baridi.